Upepo Haupigi Kelele Mpaka Ufike Sikioni

Mwezi wa Julai, kusi limekaza, nilimpigia fundi simu nikiwa juu ya kivuko katikati ya Magogoni na Kigamboni. Masikioni nilikuwa na vipokea sauti visivyo na waya, vile vyenye kijiti kinachoteremka usawa wa shavu. "Fundi, ongeza bati tisa." Akauliza ngapi. Nikarudia kwa sauti iliyomfanya abiria wa pembeni ageuke: "Tisa!" Akanijibu, "Sawa bosi, nimekupata." Jioni nilipofika saiti nilikuta bati sita zimeegemezwa ukutani, risiti imebanwa chini ya tofali. Fundi hakuwa na kosa. Alisikia kile simu ilichompelekea.

Tisa na sita ni sauti zile zile nne, zimebadilishana nafasi tu. Toa t na s, katika maneno yote mawili unabakiwa na i na a. Irabu hizo zina nguvu na hudumu, ndiyo maana zinavuka hata kwenye simu mbovu. Konsonanti ndizo dhaifu: t ni mpasuko mfupi mno, na s ni mvumo mwembamba ambao nguvu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Ukitaka kujua kama simu yako inahimili upepo, usiulize "unanisikia?" maana mtu ataitikia kwa sababu anasikia irabu. Mtajie tisa na sita bila mpangilio, umwombe ayarudie. Tangu siku ile ya bati hicho ndicho kipimo changu, na ndicho kilichonifanya nitake kuelewa kwa nini kifaa kinachofuta kelele za daladala vizuri kabisa kinashindwa na hewa tupu.

Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi wetu tunalifikiria kinyume. Honi ya gari ni sauti: inazaliwa kwenye honi, inasafiri hewani, na kila aliye karibu anaisikia. Upepo hauko hivyo. Ukisimama na mwenzako ufukweni, ule mngurumo unaoujaza mkutano wako wa simu, mwenzako haupati. Haukutoka baharini wala haukusafiri kuja kwako. Umetengenezwa pale pale, kwenye tundu la maikrofoni, wakati hewa inayokwenda mbio ilipogonga kichwa, sikio na ukingo wa kile kifaa. Maikrofoni haijui tofauti. Ina utando mwembamba unaocheza kila mgandamizo wa hewa unapopanda na kushuka, na kwake mgandamizo wa sauti na mgandamizo wa hewa iliyovurugika ni kitu kimoja.

Tatizo ni ukubwa wa mgandamizo huo. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Chukua nusu ya uzito huo, zidisha kwa kasi ya upepo, kisha zidisha tena kwa kasi ile ile, unapata msukumo kwa kipimo cha paskali. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ambao ufukweni hatuuiti hata upepo mkali, una msukumo wa paskali 15. Sauti yako mwenyewe unapoongea kawaida, ikifika sikioni ambako maikrofoni imekaa, ni kama sehemu moja ya kumi ya paskali. Ni kweli kwamba msukumo uliotulia hausikiki. Kinachosikika ni kupanda na kushuka kwake. Lakini hata tukisema ni sehemu moja tu ya kumi ya msukumo huo inayotikisika mbele ya tundu, bado tuna paskali 1.5, mara 15 ya sauti yako. Na kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, upepo ukiongezeka mara mbili msukumo unaongezeka mara nne: mita 10 kwa sekunde ni paskali 60. Ndiyo sababu simu inayosikika vizuri ukitembea taratibu barabarani inaharibika ghafla ukipanda bodaboda. Haiharibiki kidogo kidogo.

Hapo bado hatujazungumzia kichwa. Hewa inayokutana na kitu cha mviringo inalazimika kukizunguka, na inapopita pembeni huongeza kasi, kama maji ya mto yanavyokimbia yakibanwa na jiwe. Kwa tufe laini, hesabu inatoa kasi ya mara moja na nusu pale pembeni kabisa. Sasa fikiria umeukabili upepo uso kwa uso: pembeni kabisa ni wapi? Ni masikioni. Tena ni karibu na hapo hapo ambapo hewa huchoka kufuata umbo la kichwa, ikajitenga na ngozi na kuanza kujiviringa. Halafu inakutana na sikio lenye mikunjo, na ndani ya mikunjo hiyo kuna kidude cha plastiki kimejitokeza nje. Ungeambiwa utafute sehemu mbaya ya kuweka maikrofoni kwenye mwili wa mtu aliyeukabili upepo, sikio lingekuwa kwenye orodha. Tumeiweka hapo kwa sababu spika iko hapo.

Vile viviringo vya hewa ndivyo vinavyoupa upepo sauti yake. Kila kiviringo kikipita mbele ya tundu kinasukuma utando mara moja. Viviringo vyenye upana wa sentimita 5 vikibebwa na upepo wa mita 5 kwa sekunde, vitapita 100 kwa sekunde moja, na hilo ni besi zito. Vikubwa zaidi vinatoa besi la chini zaidi, vidogo vinatoa la juu, lakini vikubwa ndivyo vyenye nguvu. Kwa hiyo kelele nyingi ya upepo iko chini ya mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri upepo unavyokaza ndivyo inavyopanda na kuingia kwenye eneo la maneno.

Mtu anaweza kuuliza: kama upepo uko chini na s iko juu, kwa nini zigongane? Si ungekata besi tu? Simu za kawaida zimekuwa zikikata besi tangu zamani. Laini nyembamba ya simu inapitisha takriban kati ya mitetemo 300 na 3,400 tu. Na kukata besi kunasaidia kweli, upepo ukiwa mwepesi. Ukikaza, s inapotea kwa njia nyingine tatu, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni sikio la msikilizaji. Besi kubwa hufunika sauti za juu yake, na fundi wangu alikuwa akisikiliza mngurumo huku akitafuta mpasuko wa t katikati yake. Ya pili ni kujaa kwa maikrofoni yenyewe. Maikrofoni hizi ndogo nyingi huanza kupotosha sauti mahali fulani kati ya paskali 20 na 60. Upepo ukifika huko, utando au kikuza sauti chake kinafika mwisho wa uwezo, na kwa muda huo hakipokei chochote kingine: sauti yako haikufunikwa, haikuandikwa kabisa. Kukata besi baada ya hapo hakurudishi kitu. Msikilizaji anasikia mipasuko mikavu, kama karatasi ngumu inachanwa. Ya tatu ndiyo ninayoamini ilinikuta kivukoni: programu ya kupunguza kelele. Programu hii inajaribu kutambua kipi ni maneno na kipi ni kelele, kisha inashusha kelele. Mvumo uliotulia, kama wa feni au injini ya meli, inaumudu kwa sababu hauna haraka ya kubadilika. Upepo unakuja kwa mafungu, unanyamaza, unarudi. Programu inabaki ikikimbizana nao, na katika kukimbizana huko inashusha hata maneno yako. S, ambayo yenyewe ni mvumo usio na noti, inafanana na kelele kuliko irabu, hivyo ni miongoni mwa sauti zinazoliwa kwanza. Msikilizaji hasikii upepo mwingi. Anasikia mtu anayeongea kama ametumbukizwa kwenye pipa la maji, na maneno yake hayana meno.

Sasa tuje kwenye kile kinachonishangaza kuliko yote katika jambo hili, kwamba ufundi bora tulionao dhidi ya kelele za mjini unauongezea upepo nguvu.

Vipokea sauti vingi vya leo vina maikrofoni mbili za nje upande mmoja, moja karibu na ncha ya kijiti na nyingine juu yake, tuseme zimeachana milimita 15. Sauti ya mdomo inafika ya chini kwanza, kisha ya juu baada ya sehemu 44 za milioni ya sekunde. Kelele ya nyuma yako inafika kwa mpangilio wa kinyume. Ukiichelewesha maikrofoni moja kwa muda huo na kuitoa kwenye nyingine, kelele ya nyuma inajifuta na ya mbele inabaki. Kwa honi na mazungumzo ya watu ni ufundi mzuri sana, na mtu anayepiga simu Kariakoo anaufaidi.

Lakini kutoa huko kuna gharama. Kwenye mitetemo 200 kwa sekunde, wimbi la sauti lina urefu wa karibu mita 1.7. Milimita 15 si kitu mbele ya wimbi hilo, hivyo maikrofoni zote mbili zinasikia karibu kitu kile kile, na ukitoa moja kwenye nyingine sauti yako nayo inabaki kidogo: takriban sehemu moja ya tisa. Basi mtengenezaji analazimika kuikuza besi mara 9 ili sauti yako isiwe nyembamba kama ya redio ya zamani. Kwa sauti ya kawaida hakuna hasara, maana kila kitu kimerudi mahali pake. Upepo ndio haukubaliani na hesabu hiyo. Viviringo vya hewa vinasafiri kwa mita 5 kwa sekunde wakati sauti inasafiri kwa zaidi ya mita 340, na vinavunjika njiani. Kinachoisukuma maikrofoni ya chini sicho kinachoisukuma ya juu. Ukitoa vitu viwili visivyohusiana havifutiki, vinajumlika. Kisha mjumuiko huo unakuzwa mara 9. Ukifuata hesabu hadi mwisho, upepo unatoka ukiwa zaidi ya mara 12 ya ule ambao ungeupata kwa maikrofoni moja tu iliyokaa peke yake.

Watengenezaji makini wanalijua hili, na tofauti hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia kuutambua upepo. Programu inalinganisha maikrofoni mbili mara nyingi kila sekunde. Zikisema kitu kimoja kwenye besi, hiyo ni sauti. Kila moja ikisema lake, huo ni upepo, na papo hapo mfumo unaacha ule ujanja wa kutoa na kubaki na maikrofoni iliyo shwari zaidi, pengine ya sikio la upande wa pili. Unalipia kwa kurudi kwa kelele za watu na magari. Kifaa cha bei ya chini mara nyingi hakifanyi ubadilishaji huo, au kinauchelewesha, na ndiyo maana unaweza kukuta vipokea sauti vilivyoandikwa kwenye boksi kwamba vina maikrofoni nne vikashindwa ufukweni na waya wa zamani wenye maikrofoni moja kifuani. Idadi ya matundu haikuambii kitu kuhusu upepo.

Kinachosaidia kwanza ni kuizuia hewa isifike kwenye tundu ikiwa na mwendo. Hapa kuna bahati nzuri ya maumbile. Ili sauti ipite, hewa haihitaji kwenda popote. Inatikisika tu ilipo. Kwa sauti ya paskali 0.1, chembe za hewa zinacheza kwa kasi ya robo milimita kwa sekunde. Upepo wetu mwepesi unakwenda milimita 5,000 kwa sekunde, mara 20,000 ya hapo. Kitu chochote chenye matundu madogo sana, kama wavu wa chuma uliofumwa karibu karibu au sponji, kinakinzana vikali na hewa inayotaka kupita lakini kinaiacha mitetemo midogo ipite karibu bila kuiona. Ndiyo kazi ya lile boga la sponji kwenye maikrofoni ya mwandishi wa habari. Boga linafanya na jambo la pili: linauhamishia uvurugaji mbali. Hewa inavurugika kwenye ngozi ya sponji, na maikrofoni imekaa katikati kwenye utulivu, ikipokea wastani wa misukumo ya eneo zima ambayo kwa sehemu inajifuta yenyewe.

Wastani huo unahitaji eneo na umbali, na hapo ndipo vipokea sauti vinapobanwa. Mwandishi ana sentimita kadhaa kila upande. Ndani ya kijiti kuna milimita moja au mbili. Kwa hiyo usanifu mzuri unatafuta nafasi kwa njia nyingine: badala ya kitundu kimoja cha duara kilicho wazi, unaweka ufa mrefu uliofunikwa na wavu, na nyuma yake chumba kidogo, na maikrofoni inafungukia ndani ya chumba hicho. Misukumo ya pande mbili za ufa inakutana chumbani na kupunguzana. Kingo za ufa zinaviringishwa, kwa sababu ukingo mkali unaopitiwa na hewa unatoa mluzi, sawa na mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Ukikiangalia kifaa dukani unaweza kuyaona haya kwa macho: wavu upo au kuna kitobo kitupu? Tundu liko kwenye bonde au kwenye kichuguu? Kifaa kizima kinazama ndani ya bakuli la sikio, au kinasimama nje kama kitasa? Kilichosimama nje kinajitengenezea viviringo vyake chenyewe, hata kama kichwa kingekuwa hakipo.

Tuna kinga nyingine huku kwetu ambayo hakuna aliyeibuni kwa ajili ya simu. Dada yangu hupiga simu kutoka kivuko kile kile na kusikika, akiwa na vipokea sauti vya bei ya chini kuliko vyangu. Nilidhani ni mtandao wake, mpaka siku moja tulipokaa pamoja upande wa upepo nikamwona. Mtandio wake wa pamba unapita juu ya masikio, haujabana, umeachia nafasi ya kidole kati ya nguo na kifaa. Hilo ni boga la sponji: kitambaa chepesi, hewa tulivu nyuma yake, na eneo kubwa kuliko lile ambalo kijiti chochote kingepata. Akiuvuta ukabana, au upepo ukaufanya upigepige, faida inageuka hasara, kwa kuwa nguo inayosugua wavu inatoa mkwaruzo mbaya kuliko upepo. Lakini ukikaa vizuri unafanya kazi kuliko programu. Kuziba tundu kwa utepe wa gundi au kuchomeka pamba ni kosa la aina nyingine: hapo umeizuia na sauti.

Njia ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kuipeleka maikrofoni mahali ambapo upepo haupo kabisa, yaani ndani ya tundu la sikio.

Vipokea sauti vinavyofuta kelele za nje mara nyingi huwa na maikrofoni moja inayotazama ndani, kwa ajili ya kukagua unachosikia. Maikrofoni hiyo inasikia pia sauti yako. Unapoongea, taya na fuvu vinatetemeka, na kuta za tundu la sikio zinatetemeka pamoja navyo. Sikio likiwa wazi, mitetemo ya besi inatoka nje na kupotea. Likizibwa, inanaswa na kujikusanya. Ziba masikio yote mawili kwa vidole sasa hivi useme "iiii": ule mlio mzito unaojaa kichwani ndio maikrofoni ya ndani inaupokea, na hakuna upepo wa pwani unaoufikia. Vifaa vingine vinatumia kihisi cha mtikisiko badala ya maikrofoni hiyo. AirPods za kwanza za mwaka 2016 zilikuwa nacho, kazi yake ikiwa kujua ni lini mvaaji anaongea.

Kizuizi chake ni kwamba mifupa na nyama hazipitishi sauti za juu. Juu ya mitetemo 1,000 hadi 2,000 kwa sekunde karibu hakuna kitu. S yetu ilianzia 4,000. Kwa maikrofoni ya ndani peke yake, tisa na sita ni mamoja hata chumbani pasipo na upepo. Kwa hiyo kazi inagawanywa: besi, ambako upepo unatawala, inachukuliwa ndani, sauti za juu, ambako upepo ni dhaifu, zinachukuliwa na maikrofoni za nje, na programu inazishona pamoja. Upepo ukizidi, mshono unapandishwa juu, sauti yako inakuwa nzito na butu lakini haikatiki. Mtu akikuambia "leo sauti yako imekuwa kama una mafua" ukiwa upeponi, huenda kifaa chako kinafanya kazi yake sawasawa.

Na mgawanyo huo wote unasimama juu ya mpira wa silikoni. Mpira usipoziba, besi inavuja kama kwenye sikio lililo wazi, maikrofoni ya ndani inabaki na sauti hafifu, na kupitia upenyo ule ule hewa ya nje inaingia. Programu nayo haijui kwamba mpira ni mdogo. Inaendelea kushona kitambaa kisichokuwepo. Vipokea sauti visivyo na mpira, vile vinavyoning'inia tu sikioni, haviwezi kuitegemea maikrofoni ya ndani kwa njia hii hata viwe vya bei gani. Hiyo ndiyo sababu nasema mkao wa kifaa sikioni ni sehemu ya maikrofoni yenyewe. Nilikuwa natumia mipira ya kati iliyokuja imevalishwa tayari, kama wengi wetu tunavyofanya, na ile mikubwa ikabaki kwenye boksi. Kipimo ni rahisi: vaa vyote viwili, uvume "mmmm" mdomo umefungwa. Mlio ukijaa kichwani sawasawa kulia na kushoto, umeziba. Upande mmoja ukiwa mwepesi, upande huo unavuja, na masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana. Langu la kushoto lilitaka mpira mkubwa, la kulia la kati. Sukuma ndani huku ukivuta juu ya sikio kwa mkono wa pili, kisha zungusha kijiti mpaka kielekee pembe ya mdomo. Kijiti kilichoelekea nyuma kinaupeleka ule ufundi wa maikrofoni mbili begani kwako.

Kabla hujalaumu upepo, hakikisha ni wenyewe. Wakati wa simu, kinga sikio kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli, usiguse kifaa. Msikilizaji akisema imepoa, ni upepo. Isipobadilika, tatizo litafute kwenye mtandao au blutuuthi. Sauti ikiwa ndogo hata ndani ya nyumba, wavu umeziba kwa jasho na vumbi. Usafishe kwa brashi kavu laini, usichomeke sindano. Na ukitaka kulinganisha vifaa viwili, usingoje kusi: kaa mbele ya feni, mpigie mtu aliye chumba cha pili, umsomee tisa na sita thelathini bila mpangilio, kwanza ukiikabili feni, kisha ukiipa ubavu. Usitumie kinasa sauti cha simu kwa kipimo hiki bila kuhakikisha, maana mara nyingi kinachukua maikrofoni ya simu yenyewe. Kwaruza kipokea sauti kwa ukucha. Mkwaruzo usiposikika kwenye rekodi, ulikuwa unapima kitu kingine.

Mimi nilipofanya hivyo, mipira mipya ilibadilisha matokeo kuliko kitu kingine chochote. Kuipa feni ubavu kulisaidia pia, sikio la upande uliokingwa likabeba simu. Lakini feni ya mezani ni upepo mdogo. Abiria wa bodaboda iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa yuko kwenye msukumo wa zaidi ya paskali 160, na hapo maikrofoni za nje zimejaa pomoni, s haina pa kupitia. Inabaki besi ya ndani, yaani i na a.

Wiki iliyofuata nilivuka tena, kusi bado limekaza, mipira imeziba, mgongo nimeupa upepo. Mabati yaliyobaki yalikuwa yameezekwa, sasa tulikuwa kwenye mbao. Fundi akauliza ngapi. Nilitaja tisa, akasita kidogo, nikajua s imefika nusu. Nikakumbuka neno ambalo bibi alilitumia alipokuwa akihesabu nazi, lenye irabu ambayo sita haina.

"Kenda, fundi."

"Kenda. Haya, nazipakia."